Nembo Ikae Mahali Pake: Kuiagiza Akili Unde Ichore Vikombe, Maboksi na Mifuko ya Mgahawa

Mchapaji wa vifungashio hachapi vikombe kumi ili mteja aone kama vinapendeza. Huchapa kwa maelfu, na malipo ya awali hutolewa kabla mashine haijawashwa. Ndiyo maana mwenye mgahawa anayetaka jina lake likae kwenye kikombe cha kahawa, boksi la chipsi na mfuko wa kaki hupenda kuona picha kwanza. Kazi hiyo ilikuwa ya mbunifu wa michoro na mpiga picha. Siku hizi wengi wanafungua ChatGPT, Gemini au Midjourney, wanaandika sentensi mbili, na muda si mrefu kikombe kipo mezani, mvuke unapanda, mwanga wa asubuhi umelala juu ya mbao.

Picha hupendeza mpaka mtu aikuze. Hapo ndipo jina linapoonekana limeongezewa herufi, nembo imepanda juu ya mkunjo wa boksi, na mfuko una nembo mbili ambazo hakuna aliyeziomba. Mwenye mgahawa hurudia agizo lile lile, safari hii akiongeza maneno kama “nembo iwe sahihi” au “iwekwe vizuri”. Maneno hayo hayasaidii kitu, kwa sababu hayaelezi nembo iende wapi, iwe kubwa kiasi gani, wala itazame upande gani.

Chanzo cha kasoro kiko katika namna picha hizi zinavyozaliwa. Programu nyingi za aina hii huanza na chengachenga tupu, kama za televisheni isiyo na mawimbi, kisha huziondoa hatua kwa hatua huku zikifuata maneno zilizopewa, hadi umbo litokee. Hata mtu anapoambatisha faili ya nembo yake, kwa kawaida faili hiyo haibandikwi kwenye picha. Inatazamwa, halafu inachorwa upya. Kitu kinachochorwa upya hakifanani kabisa na asili yake, na kikiwa kidogo ndivyo kinavyozidi kupotea. Toleo la kwanza la Stable Diffusion, lililotoka mwaka 2022, lilitengeneza picha ya pikseli 512 kwa 512, lakini kazi yenyewe ilifanyika ndani ya jedwali lililobanwa la vyumba 64 kwa 64. Kikombe kikichukua theluthi ya upana wa picha, na nembo ikachukua nusu ya kikombe, nembo nzima inabakiwa na vyumba kama kumi tu kwa upana. Jina la herufi kumi na moja litaeneaje humo?

Programu zilizofuata zimepiga hatua kubwa. Ideogram, iliyotoka mwaka 2023, ilijipatia jina kwa kuandika maneno yanayosomeka, na uchoraji mpya wa picha ndani ya ChatGPT ulioanza Machi 2025 huandika majina mafupi bila shida mara nyingi. Lakini kusomeka ni jambo moja, na kukaa mahali sahihi ni jambo jingine.

Tuchukue mgahawa wa kubuni, tuuite Mahamri Moto. Nembo yake ni duara la rangi ya kahawia iliyokoza, ndani yake mna dele la kahawa ambalo mdomo wake unatazama kulia, na jina limeandikwa chini ya duara. Dele hilo lina faida moja ambayo mwenyewe huenda asiifikirie: upande mmoja haufanani na mwingine. Picha ikija na dele linalotazama kushoto, mtu anajua papo hapo kwamba programu imeigeuza nembo kama kwenye kioo. Nembo yenye pande mbili zinazofanana, kama jua au nyota, huficha kosa hilo.

Kazi ianze na kikombe kitupu. Ushauri huu huwashangaza wengi, maana wanataka nembo tangu picha ya kwanza, lakini agizo moja lenye kikombe, meza, mwanga, nembo na jina huipa programu mambo mengi ya kukosea kwa wakati mmoja. Kikombe kitupu kikishakaa sawa, kinachobaki ni swali moja tu. Agizo la Kiswahili linaeleweka katika ChatGPT na Gemini. Kwa Stable Diffusion ya awali ni afadhali Kiingereza, kwa kuwa ilifunzwa zaidi kwa maelezo ya lugha hiyo.

```
Picha ya bidhaa, uwiano 4:5. Kikombe kimoja cha karatasi
cha kahawa, mililita 240, cheupe kisichong'aa, kifuniko cheusi.
Kimesimama wima. Kamera iko usawa wa katikati ya kikombe,
inakitazama mbele moja kwa moja. Mshono wa kikombe uko nyuma,
hauonekani. Uso wa mbele ni karatasi tupu ya rangi moja.
Mwanga laini kutoka kushoto. Meza ya mbao, ukuta wa chokaa.
```

Mambo mawili humo yanastahili maelezo. La kwanza ni mshono. Kikombe cha karatasi ni kipande kimoja kilichozungushwa na kuunganishwa kwa joto, na pale kinapokutana pana mstari wa wima kutoka ukingoni hadi chini. Hakuna mchapaji anayependa kuweka nembo juu ya mstari huo, kwa sababu karatasi ikisogea kidogo tu kwenye mashine, duara linakatika na nusu zake hazikutani. Nembo ikiwa moja, hukaa upande ulio mkabala na mshono. Zikiwa mbili, kila moja hukaa robo mzunguko kutoka kwenye mshono, ili anayekunywa kwa mkono wa kulia na anayekunywa kwa wa kushoto wote watangaze mgahawa. Programu haijui lolote kati ya haya isipoambiwa.

La pili ni kimo cha kamera. Kikombe kikitazamwa kutoka juu, kila mstari wa mlalo upande wa mbele huinama katikati, umbo la tabasamu. Kamera ikiwa usawa wa katikati ya kikombe, mistari ya hapo huonekana imenyooka. Picha nyingi za kughushi hujulikana kwa hilo: ukingo wa kikombe umejipinda kwa sababu kamera iko juu, ilhali jina la mgahawa limenyooka kama rula. Anayeanza akae na kamera ya usawa. Inamwondolea nusu ya matatizo.

Kuna pia sababu ya kuandika “karatasi tupu ya rangi moja” badala ya kusema “usiweke nembo”. Kulitaja jambo, hata kwa kulikataza, mara nyingine hulialika. Ni salama zaidi kueleza kinachotakiwa kuonekana. Midjourney ina njia yake ya kukataza, ambapo mtu huongeza `--no text, logo` mwishoni mwa agizo, na Stable Diffusion ina kisanduku maalumu cha mambo yasiyotakiwa. Kwenye programu za mazungumzo, maelezo ya moja kwa moja ndiyo yanayofanya kazi vizuri.

Picha tupu ikipatikana, nembo inaambatishwa, na agizo la pili linaandikwa:

```
Tumia nembo niliyoambatisha kama ilivyo. Usibadili herufi,
rangi, wala upande unaotazamwa na mdomo wa dele: ni kulia.
Iweke mara moja tu, mbele ya kikombe, katikati kwa upana.
Upana wa nembo ni nusu ya upana wa kikombe unaoonekana
mahali hapo. Kitovu cha nembo kiko katikati ya kimo cha
karatasi, kati ya kifuniko na kitako. Nembo ifuate mviringo
wa kikombe na ipokee kivuli kile kile cha upande wa kulia.
Vitu vingine vyote kwenye picha vibaki kama vilivyo.
```

Agizo hilo halina sentimita hata moja. Programu ya picha haina rula, haijui kikombe kina ukubwa gani, na ukiiambia “sentimita nne” itakisia. Sehemu ya kitu kinachoonekana, kama nusu, theluthi au robo, inaeleweka vizuri zaidi kwa kuwa ipo ndani ya picha yenyewe. Sentimita ni lugha ya mchapaji, na zinakuja baadaye.

Zikija, zije kwa hesabu sahihi, kwa sababu kikombe ni duara na jicho huona kilicho bapa. Kikombe cha kawaida cha mililita 240 kina kipenyo cha kama milimita 80 juu na 56 chini, kwa hiyo katikati ni kama 68. Nembo inayoonekana imechukua nusu ya upana huo ni milimita 34 machoni. Kwenye karatasi iliyokunjuliwa ni milimita 36, maana inazunguka kidogo. Tofauti hiyo ni ndogo. Lakini mwenye mgahawa akitamani nembo inayoonekana imejaza robo tatu ya kikombe, milimita 51 za machoni zinakuwa karibu 58 za karatasi, na kingo za nembo zinaanza kukimbilia pembeni ambako herufi hubanana. Mteja aliyeketi upande wa pili wa meza atasoma “ahamri Mot”. Nusu ya upana inatosha. Robo tatu ni tamaa.

Boksi la chakula cha kufunga lina matatizo ya aina nyingine. Halina mviringo, ila lina pande, mikunjo na ulimi wa kufungia, na kila upande unatazama kwake. Kosa la kawaida la programu ni kuibandika nembo sambamba na fremu ya picha badala ya kuilaza kwenye kifuniko. Boksi limekaa kimshazari, kifuniko kinakwenda kimshazari, ila nembo imesimama wima kama stika iliyobandikwa kwenye kioo cha kamera. Kosa jingine ni nembo kuvuka mkunjo, nusu ikiwa kifuniko na nusu ubavuni.

Tiba yake ni kuzitaja pande kwa majina na kusema msomaji amesimama wapi. Agizo lieleze kwamba boksi limefungwa, mkunjo wa kifuniko uko nyuma, ulimi uko mbele kwa mteja, na nembo iko juu ya kifuniko peke yake, ikisomeka wima kwa mtu aliyesimama upande wa ulimi. Upana wake uwe theluthi ya kifuniko, na nafasi iliyobaki kila upande iwe kubwa kuliko nembo kidogo au sawa nayo. Nafasi hiyo si ya urembo tu. Kifungashio cha karatasi hukatwa na kukunjwa kwa mashine, na wachapaji wengi hutaka kitu chochote cha maana kikae milimita 3 hadi 5 mbali na kila mstari wa kukata au kukunja. Nembo iliyo katikati ya kifuniko haina wasiwasi na hilo. Nembo iliyosukumwa pembeni kwa sababu picha ilipendeza hivyo, inao.

Kuliomba boksi lililo wazi, chipsi na kuku vikionekana, kunavutia kwa tangazo lakini ni mtego. Kifuniko kikifunguliwa kuelekea nyuma, uso wake wa nje unamgeuzia mteja mgongo, na anachoona ni upande wa ndani. Programu, ikijitahidi kukuridhisha, itaichapa nembo ndani ya kifuniko, juu ya karatasi inayogusa chakula. Mwenye mgahawa akimpelekea mchapaji picha hiyo, ameagiza bila kujua kazi nyingine kabisa, kwa maana chapa huwekwa upande wa nje, mbali na chakula. Chakula kikitakiwa kionekane, basi liombwe boksi la pili lililofungwa kando, na nembo iwe kwenye hilo.

Mfuko wa karatasi ndio unaojulikana zaidi kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na mifuko ya kaki ikashika nafasi kwenye migahawa mingi. Mfuko huo una uso wa mbele, wa nyuma, na mbavu mbili zenye mkunjo wa katikati unaoingia ndani mfuko unapolazwa. Nembo ya kawaida inakaa uso wa mbele pekee. Agizo liseme hivyo: “uso wa mbele pekee, mbavu tupu”. Bila maneno hayo programu hupenda kuiviringisha nembo hadi ubavuni.

Lakini jambo linalosahaulika ni mikono ya mhudumu. Chukua mfuko usio na mishikio, wenye kimo cha sentimita 32. Mhudumu akishaweka chakula, anakunja mdomo wa mfuko, tuseme sentimita 6, anabandika stika au anapiga pini. Kimo kilichobaki ni 26. Nembo iliyowekwa katikati ya mfuko mtupu, sentimita 16 kutoka chini, sasa imepanda juu, karibu na mkunjo, na mfuko unaonekana kama umevaa kofia iliyoshuka machoni. Kitovu cha nembo kinatakiwa kuwa kama sentimita 13 kutoka chini. Kwa hiyo agizo liombe mfuko katika hali mteja anayoupokea, yaani umejaa, mdomo umekunjwa, nembo katikati ya sehemu inayoonekana. Programu ikiombwa mfuko tu bila maelezo, ni rahisi kuleta ule wa duka la nguo, wazi na wenye mishikio ya kamba.

Baada ya vikombe, maboksi na mifuko kukubaliana, watu hutaka picha moja yenye vyote vitatu. Hapa uangalifu unahitajika. Ukiweka nembo kwenye kikombe, kisha ukaichukua picha hiyo na kuomba boksi, kisha ukaomba mfuko, picha inachorwa upya kila mara, na nembo ya kwanza inaguswa tena ingawa hukuomba. Rangi ya kahawia inaanza kuelekea wekundu, herufi zinavimba. Ukitaka kuona, weka picha ya kwanza na ya tatu kando kwa kando na uzikuze kwenye herufi ile ile.

Kwa mwandishi wa makala haya, hapo ndipo mahali pa kuiachisha kazi akili unde. Picha ya vifungashio vitatu vitupu, vyenye mwanga na vivuli vilivyokubaliana, ni kazi inayoifanya kwa ustadi. Nembo iwekwe na mtu, kutoka kwenye faili yake halisi. Photopea hufunguka ndani ya kivinjari bila malipo, na GIMP hupakuliwa bure. Kwenye Photopea, nembo inaingizwa kama tabaka la juu, inapinduliwa kufuata kifuniko cha boksi kwa zana ya `Distort`, inapindwa kufuata kikombe kwa `Warp`, kisha tabaka linawekwa katika hali ya `Multiply` ili kivuli na uzi wa karatasi vionekane kupitia wino. Kwa mtu aliyewahi kuhariri picha, ni kazi ya dakika chache kwa kila kifungashio, na herufi zinabaki zile zile kwa sababu hakuna anayezichora upya. Njia ya agizo la pili inabaki kuwa nzuri kwa rasimu, mtu anapotaka kulinganisha nembo ndogo na kubwa kabla hajaamua.

Ukaguzi wenyewe ni mfupi. Mkaguzi aanze na dele: mdomo uko kulia? Halafu asome jina herufi moja moja, kutoka mwisho kwenda mwanzo, maana jicho linalolijua jina hujaza lenyewe kinachokosekana. Kisha ahesabu nembo, ikiwemo ya kifuniko cha kikombe na ile ndogo iliyojificha kwenye kitambaa cha mezani. Mwisho alinganishe mpindo wa nembo na mpindo wa ukingo wa kikombe. Na kama nembo ni duara la kijani juu ya kikombe cheupe, atazame kama programu haijaivuta kuelekea sura ya Starbucks, kwa sababu kufanana kwa namna hiyo ni kesi ya alama ya biashara inayosubiri mlalamikaji.

Picha iliyopita ukaguzi ni ya mazungumzo na matangazo, na haiwezi kuwa faili ya kuchapia. Picha yenye upana wa pikseli 1024, ikichapwa kwa kiwango cha kawaida cha nukta 300 kwa inchi, inatoa upana wa sentimita 8.7 tu, na hiyo ni picha nzima, meza ikiwemo. Zaidi ya hapo, karatasi ya kikombe si mstatili. Kikombe tulichokipima, kikikunjuliwa, ni kipande cha umbo la kipepeo cha kujipepea chenye pembe ya kama nyuzi 47, na jina lililonyooka kwenye skrini lazima lipindwe kufuata tao hilo ili linyooke likizungushwa. Mchapaji ana kiolezo chake chenye mistari ya mshono, kukata na kukunja. Anachohitaji kutoka kwa mgahawa ni nembo ya mistari, yaani faili ya SVG au PDF isiyopoteza ukali ikikuzwa, pamoja na vipimo: milimita 36 kwenye kikombe, theluthi ya kifuniko kwenye boksi, kitovu sentimita 13 kutoka chini kwenye mfuko.

Rangi nayo izungumzwe kabla ya malipo. Kwenye skrini, nembo nyeupe juu ya mfuko wa kaki hung'aa kama theluji ya Kibo, na akili unde huichora hivyo bila kusita. Mashine ya kawaida ya kuchapia haina nyeupe. Inategemea weupe wa karatasi yenyewe, na kaki si nyeupe. Njano juu ya kaki huwa tope, bluu ya anga hufifia. Wino mweupe upo, lakini ni tabaka la ziada na una bei yake. Kwa mgahawa unaoanza, nembo ya kahawia iliyokoza au nyeusi juu ya kaki ndiyo inayotoka kwenye mashine ikiwa karibu zaidi na ilivyoonekana kwenye picha.